Mazoezi ya Shabaha kwa Wachezaji wa Valorant na CS2: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayecheza kwenye kompyuta, kwa mausi, mwenye saa moja au moja na nusu tu jioni akishatoka kazini au shuleni. Humu "nukta" ni ile alama ya katikati ya skrini unayolengea, "sensi" ni wepesi wa nukta kukimbia unaposogeza mausi, na "zoezi" ni mchezo mmoja mdogo ndani ya programu ya shabaha, ambao mara nyingi huchukua sekunde 60.

## Mambo ya msingi

Programu ya shabaha ni nini, na inafundisha nini hasa?

Ni programu inayokuwekea mbele vitu vya kupiga, mara nyingi mipira, kisha inakuhesabia umepiga mingapi, umekosa mingapi na umetumia muda gani. Hakuna ramani, hakuna wenzako wa timu, hakuna kusubiri raundi ianze. Mechi nzima ya Valorant inaweza kula dakika 40 ukajikuta umepambana na adui uso kwa uso mara chache tu, muda mwingine wote ukitembea, ukinunua silaha au ukitazama wenzako baada ya kufa. Kwenye zoezi la dakika moja unalenga mara kadhaa za hapo. Faida yake kubwa ni hiyo ya kurudia tendo moja mara nyingi ndani ya muda mfupi.

Mkono unafundishwa mambo matatu. La kwanza ni kurukia: nukta iko hapa, adui ametokea pale, mkono unaipeleka na kuisimamisha. La pili ni kufuatilia: adui anatembea na nukta inabaki juu yake bila kuachana naye. La tatu ni kuhama, yaani kumaliza mmoja na kwenda kwa mwingine mara moja. Valorant na CS2 zinadai zaidi lile la kwanza, hasa hatua yake ya mwisho ya kusahihisha nukta kwa kiasi kidogo sana kabla ya kufyatua. Usilidharau la pili hata hivyo. Kufuatilia ndiko kunakofundisha mkono kutulia, na mkono usiotulia hauwezi kusahihisha.

Nichukue Aim Lab au KovaaK's?

Zote mbili zipo Steam. Aim Lab inapakuliwa bure, KovaaK's unainunua mara moja. Kama ndiyo kwanza unaanza, chukua ya bure. Hakuna kitu cha miezi sita ya mwanzo ambacho utakikosa humo. Wanaohamia KovaaK's mara nyingi hufuata wingi wa mazoezi yaliyotengenezwa na wachezaji wenyewe. Jumuiya ya Voltaic ina vipimo vyake kwenye programu zote mbili: unacheza mazoezi yaliyopangwa, unaona uko daraja gani katika kila moja ya zile stadi tatu. Vipimo hivyo vinafaa kujua udhaifu uko wapi. Vicheze mara moja kwa mwezi, kisha viache.

Je, zitanipandisha ranki?

Zitakupandisha kama ulengaji ndio unaokuangusha, na watu wengi hawajawahi kuchunguza kama ndio. Programu hizi hazikufundishi kushika nukta usawa wa kichwa unapopita kona. Hazikufundishi kusimama kabla ya kufyatua, na kwenye Valorant na CS2 bunduki ikifyatuliwa huku unakimbia risasi zinatawanyika hata kama nukta ilikuwa kichwani kabisa. Hazikufundishi kujua adui atatokea wapi.

Chukua bunduki ya Vandal kwenye Valorant: risasi moja ya kichwa inaondoa 160, na adui mwenye ngao kamili ana 150. Ukishika nukta pale kichwa kitakapotokea, kazi ya mkono inabaki kusogeza sentimita moja. Ukiishika sakafuni, mkono unatakiwa uipandishe nukta hadi kichwani, na hapo mwenye mkono mwepesi kuliko wako anakumaliza. Kwa hiyo kabla ya kuanza mazoezi fanya ule uchunguzi wa mapambano 20 ulioelezwa kwenye swali la "Nitajuaje nifanye zoezi lipi?"

## Kuweka sensi sawa

Nifanyeje ili sensi ya programu ilingane na ya gemu?

Njia rahisi ni kuchagua jina la gemu yako kwenye mipangilio ya programu, kisha kuandika sensi ileile unayotumia ndani ya gemu. Aim Lab na KovaaK's zote zina orodha hiyo. Ila usiamini kwa macho tu, pima. Kipimo kinachotumika ni sentimita ngapi mausi inasafiri mezani ili uzunguke mduara kamili ndani ya gemu, na hesabu yake, ambamo DPI ni hatua ambazo mausi inahesabu kwa kila inchi na yaw ni namba isiyobadilika ya kila gemu, ni hii:

```
cm/360 = 914.4 / (DPI × sensi × yaw)

yaw ya Valorant = 0.07
yaw ya CS2      = 0.022
```

Tuseme una DPI 800 na sensi 0.35 kwenye Valorant. 800 × 0.35 × 0.07 ni 19.6, na 914.4 ukigawa kwa 19.6 unapata sentimita 46.7 hivi. Ukitaka mwendo huohuo CS2, zidisha sensi ya Valorant kwa 3.18: 0.35 inakuwa 1.11.

Sasa chukua rula. Simama ndani ya gemu ukitazama pembe ya ukuta, weka mausi ukingoni mwa pedi, isogeze kwenda upande mmoja hadi uirudie pembe ileile, kisha pima umbali. Fanya hivyo kwenye gemu na kwenye programu. Namba mbili zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja au mbili, kuna kitu hakiko sawa: pengine umechagua gemu nyingine kwenye orodha, au kitufe cha DPI kilicho juu ya mausi kimebonyezwa bila wewe kujua. Hilo la kitufe linatokea sana.

Sensi ipi ni sahihi, na nibadilishe mara ngapi?

Kwa Valorant na CS2 wengi wanastarehe kati ya sentimita 30 na 60 kwa mduara. Chini ya 25 utapata shida kusimamisha nukta juu ya kichwa kilicho mbali. Zaidi ya 65 utaishiwa pedi ukitaka kugeuka nyuma. Chagua moja ndani ya nafasi hiyo ukae nayo mwezi mzima.

Ninaowaona wakibadilisha kila siku wanafanya hivyo baada ya kupoteza mechi mbili mfululizo, na sensi mpya inawapa nafuu ya siku moja kwa sababu wanalenga kwa uangalifu zaidi. Uangalifu ukiisha, nafuu inaisha nayo, wanatafuta namba nyingine.

## Kupasha kabla ya mechi

Kupasha na kufanya mazoezi kuna tofauti gani?

Watu wengi wanavichanganya, na wachovu wengi ninaowajua walianzia hapo. Kupasha ni kuurudisha mkono kwenye kiwango ambacho tayari unacho. Unafanya vitu unavyoviweza, kwa mwendo wa kawaida, na unaacha ukiwa na hamu ya kucheza. Mazoezi ni kuusukuma mkono kwenye kitu usichokiweza bado. Unakosa sana, unafikiri sana, na ukimaliza umechoka kidogo.

Ukifanya mazoezi mazito halafu ukaingia mechi za ranki papo hapo, unaingia na mkono uliochoka na kichwa kinachowaza mbinu badala ya mchezo. Siku ya mazoezi, cheza kwanza halafu fanya mazoezi, au tenganisha viwili hivyo kwa saa kadhaa. Siku ya mechi muhimu, pasha tu.

Nipashe vipi? Nipeni mpangilio kamili.

Dakika 15 zinatosha. Anza na dakika mbili bila mausi: fungua na kunja vidole, zungusha vifundo vya mikono taratibu, zungusha mabega. Kama umetoka kwenye baridi ya kiyoyozi, nawa mikono kwa maji ya vuguvugu kwanza. Vidole vya baridi ni vizito, na utadhani umeamka vibaya.

Dakika nne zinazofuata ni za kufuatilia. Chagua zoezi lenye mpira mmoja mkubwa unaokwenda polepole, ulicheze mara tatu au nne. Macho yawe kwenye mpira, usiitazame nukta. Shika mausi kama unavyoshika yai bichi: haidondoki, haipasuki. Mara ya kwanza nukta itakuwa inarukaruka nyuma ya mpira, mara ya tatu itakuwa inateleza nao.

Dakika nne nyingine ni za kurukia mipira mikubwa iliyosimama. Hapa Gridshot ya Aim Lab inafaa, na 1wall6targets TE ya KovaaK's inafaa pia. Piga bila haraka, lengo likiwa kutokosa.

Dakika tano za mwisho ni ndani ya gemu yenyewe. Kwenye Valorant ingia The Range uweke roboti za Medium, au cheza kipande cha Deathmatch. Jipe sheria mbili: risasi za kichwa tu, na usimame kabisa kabla ya kila risasi. Usihesabu umeua wangapi.

Utajua umepata moto pale raundi mbili zinazofuatana zinapotoka karibu sawa. Baada ya hapo kila dakika unayoongeza unaichota kwenye nguvu za mechi.

Nina dakika tano tu. Nikate nini?

Kata kurukia mipira. Baki na dakika moja ya mikono, moja ya kufuatilia, na tatu ndani ya gemu. Ukiwa huna muda kabisa, nenda The Range upige roboti 30 bila haraka, basi.

## Mazoezi yenyewe

Nifanye mazoezi kwa muda gani kwa siku?

Dakika 20 hadi 30, siku nne au tano kwa wiki. Najua kuna video za watu wanaokaa saa tatu kila siku. Wapo, na baadhi yao ni wazuri sana, lakini mwenye saa moja na nusu jioni akiiga ratiba ile atabaki bila muda wa kucheza gemu anayoifanyia mazoezi.

Kuna sababu nyingine pia. Sehemu ya kujifunza kwa mkono hukamilika baada ya zoezi kwisha, hasa usingizini. Dakika 25 leo na 25 kesho, katikati ukalala vizuri, zinakupa zaidi ya dakika 50 za leo peke yake. Na umakini wenyewe hupungua: baada ya nusu saa ya zoezi gumu unaanza kurudia makosa, na mkono unajifunza makosa kama unavyojifunza mengine.

Nitajuaje nifanye zoezi lipi?

Rekodi skrini kwenye mechi zako tatu au nne, kisha tazama mapambano 20 uliyoyapoteza, kwa mwendo wa polepole. Kwa kila moja jibu swali moja: risasi yangu ya kwanza ilikwenda wapi, na kwa nini? Andika kwenye karatasi.

Kama nukta ilipita kichwa kisha ikarudi, mkono unakwenda kwa nguvu na hauna breki. Unahitaji mipira midogo kwa mwendo wa polepole. Kama nukta iliishia njiani na ukafyatua kabla haijafika, una pupa. Zoezi ni lilelile ila sharti lako ni kuona nukta ikigusa kabla ya kubonyeza. Kama ilifika halafu adui akasogea ukamkosa, unahitaji kufuatilia. Kama ulikuwa unatembea ulipofyatua, au nukta ilikuwa kifuani au sakafuni adui alipotokea, hakuna zoezi la programu litakalokusaidia. Hiyo ni kazi ya Deathmatch, na polepole.

Nionyesheni mfano wa mtu aliyefanya hivyo.

Kijana mmoja tunayecheza naye alikuwa anakaa kwenye Gridshot karibu saa nzima kila jioni, miezi miwili. Pointi zake zilipanda wiki hadi wiki, ranki ikabaki palepale, na alikuwa amefika mahali pa kutaka kuacha. DPI yake 800, sensi 0.35. Tukakaa na rekodi zake tukahesabu mapambano 20. Mara 11 nukta ilipita kichwa ikarudi. Mara nne alikuwa anatembea. Mara tatu nukta ilikuwa chini ya kifua. Mbili alishtukizwa tu, hakuna la kusema.

Tukamtazama mkono akicheza. Kila adui alipotokea, kidole gumba kilikuwa kinaibana mausi mpaka ukucha unakuwa mweupe. Mkono uliobanwa hivyo unaanza kwa kishindo na hauwezi kusimama pale unapotaka. Gridshot haikumwonyesha tatizo hilo kwa sababu mipira yake ni mikubwa: ukipita katikati kidogo bado umepiga.

Tukampa dakika 25 kwa siku, siku tano kwa wiki. Dakika nane za kufuatilia mpira wa polepole, akijikagua gumba kila baada ya sekunde kumi. Dakika 12 za Microshot, ambayo mipira yake ni midogo na iko karibu karibu, kwa sharti la kupunguza mwendo mpaka apige tisa kati ya kumi. Dakika tano za The Range, kichwa tu. Gridshot ikabaki ya kupasha.

Wiki ya kwanza pointi zake za Microshot zilishuka na ilimuuma. Alikuwa amezoea kupiga saba kati ya kumi kwa kasi, sasa anapiga tisa kwa mwendo wa kobe. Wiki ya pili akaanza kuongeza mwendo kidogo kidogo, akirudi nyuma kila usahihi uliposhuka chini ya nane kati ya kumi. Wiki ya nne pointi zilikuwa zimevuka zile za mwanzo, naye alikuwa hakimbizi.

Tukarudia hesabu ya mapambano 20. Ya kupita kichwa yalibaki matano. Ya kufyatua akiwa anatembea yalikuwa bado manne, kwa sababu hatukuyagusa. Hayo ndiyo yakawa kazi ya mwezi uliofuata, ndani ya Deathmatch.

Nirudie zoezi moja mpaka niliweze, au nichanganye?

Changanya. Kurudia zoezi moja mara 15 mfululizo kunapandisha pointi za jioni ile, na kunakupa hisia nzuri, ila kesho sehemu kubwa imepotea. Jambo hili linajulikana tangu zamani kwenye masomo ya mwendo wa mwili. Mwaka 1979 Shea na Morgan waliwafundisha watu mienendo mitatu ya haraka ya mkono ya kuangusha vibao. Waliofanya kwa mpangilio uliochanganywa walikuwa wazito zaidi wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa siku 10 baadaye ndio walioshika vizuri zaidi.

Kwa hiyo ukiwa na mazoezi matatu, cheza la kwanza mara mbili, la pili mara mbili, la tatu mara mbili, kisha rudi la kwanza. Utajiona unafanya vibaya kuliko ukikaa kwenye moja. Vumilia hilo.

Pointi zangu zimekwama wiki tatu. Nifanye nini?

Kwanza tazama usahihi, achana na pointi. Kama unapiga zaidi ya tisa kati ya kumi na pointi haziendi, wewe ni mwangalifu mno: cheza raundi chache kwa kasi inayokutisha, ukubali kukosa, kisha rudi kwenye mwendo wako. Kama usahihi uko chini ya nane kati ya kumi, fanya kinyume chake.

Ukiona hakuna kati ya hayo, badilisha zoezi kwa lingine la stadi ileile, lenye mipira ya ukubwa tofauti au umbali tofauti. Mara nyingi umelijua zoezi lenyewe kwa kichwa na mkono hauna kipya cha kujifunza humo. Na kama usingizi wako wiki hizo umekuwa wa saa tano, usitafute sababu nyingine.

## Uchovu na maumivu

Nitajuaje nimechoka kabla sijaharibu?

Dalili ya kwanza huonekana kwenye namba. Raundi tatu mfululizo chini ya kiwango chako cha kawaida, na kila moja chini ya iliyotangulia, maana yake siku imekwisha. Funga programu. Raundi ya nne ya kulipiza kisasi haijawahi kumrudishia mtu alichopoteza. Inamwachia mkono uliobana na hasira ya kuingia nayo kwenye mechi.

Dalili nyingine ziko mwilini: mabega yamepanda karibu na masikio, umekaza taya, umesogeza uso karibu na skrini, umeacha kupepesa macho. Kila baada ya dakika 20 ondoa macho kwenye skrini utazame kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Dirishani panafaa.

Uchovu mwingine ni wa moyo. Unafungua programu kwa sababu ratiba imesema, na mkono unakwenda wenyewe huku akili iko kwenye mambo mengine. Hapo pumzika siku tatu nzima bila programu, ucheze gemu kwa raha na marafiki au usicheze kabisa. Watu huogopa kwamba kiwango kitashuka. Siku ya kwanza ya kurudi utakuwa mzito kwa dakika kumi, kisha mkono utakumbuka, na mara nyingi utajikuta unalenga vizuri kuliko ulivyoacha.

Kifundo cha mkono kinauma. Niendelee kidogo kidogo?

Hapana. Maumivu yakianza katikati ya zoezi, acha siku hiyo. Yakiwepo kesho yake asubuhi, acha mpaka yaishe, kisha rudi na nusu ya muda uliokuwa unafanya.

Niliwahi kupuuza maumivu ya upande wa kidole gumba kwa wiki mbili kwa sababu nilikuwa karibu kuvuka daraja. Nikakaa mwezi na nusu bila kushika mausi, hata kufungua kifuniko cha chupa ilikuwa shida. Chanzo kilikuwa kiti kifupi: kiwiko kilikuwa chini ya meza, kifundo kimekunjwa kwenda juu muda wote, na ukingo wa meza unakikandamiza. Kiwiko kinatakiwa kiwe usawa wa meza au juu yake kidogo, na sehemu nzuri ya mkono iegemee juu ya meza. Mto mgumu juu ya kiti ulinimalizia tatizo.

Ganzi au kuchomachoma vidoleni ni jambo jingine. Ikishika gumba, cha shahada na cha kati, kuna neva inayobanwa kifundoni. Ikishika kidole cha mwisho na jirani yake, mara nyingi inabanwa kwenye kiwiko. Hiyo ni ya kwenda hospitali, hasa kama inakuamsha usiku.

## Hali za pekee

Sina kompyuta yangu, nacheza kwenye ukumbi wa gemu wa kulipia. Nitafanyaje?

Nunua mausi yako hata kama ni ya bei ya kawaida, uende nayo. Ukibaki na mausi ya ukumbi ambayo hujui DPI yake, ile rula inakuokoa. Pima sentimita za mduara kwa sensi iliyopo, kisha zidisha sensi hiyo kwa sentimita ulizopima na ugawe kwa sentimita unazozitaka. Kwa mfano, kwa sensi 0.35 umepima 23.3 na kawaida yako ni 46.7. 0.35 × 23.3 ÷ 46.7 inakupa 0.175. Dakika mbili, na umerudi nyumbani kwako. Kwa kuwa unalipia kwa saa, pasha kwa ule mpangilio wa dakika tano.

Laptopu yangu ni dhaifu, fremu zinaruka. Mazoezi yana maana?

Yana maana kama fremu zimetulia, hata kama ni 60 kwa sekunde. Zinazoharibu ni zile zinazoruka kutoka 90 hadi 35 na kurudi, kwa sababu mkono unapokea picha tofauti kwa tendo lilelile. Punguza ukubwa wa picha na vivuli, kisha weka ukomo wa fremu kwenye kiwango ambacho laptopu inakiweza muda wote. Kama unaitumia kwa betri, ichomeke kwenye umeme. Laptopu nyingi zinajipunguzia nguvu zikiwa kwenye betri.

Mtandao wetu pingi iko juu. Nalaumu mkono au mtandao?

Rekodi itakuambia. Kwenye mwendo wa polepole, kama nukta ilikuwa kichwani ulipobonyeza, umesimama, na bado hakuna kilichotokea, huo ni mtandao, na pambano hilo usilihesabu kwenye yale 20. Tukiwa Dar es Salaam au Nairobi sava za CS2 zilizo jirani zaidi ni kama za Johannesburg na Dubai, kwa hiyo kuchelewa fulani kupo hata mtandao ukiwa mzuri. Pingi kubwa inamwadhibu zaidi anayekaa kusubiri konani, maana anayetokea anakuona kabla hujamwona. Badilisha hilo kwenye uchezaji. Programu ya shabaha haiguswi na pingi, na siku ambayo mtandao hauchezeki ndiyo siku nzuri ya kufanya zile dakika 25.

Nacheza PUBG Mobile kwenye simu. Programu za kompyuta zitanisaidia?

Hazitakusaidia kwenye kulenga. Kidole gumba juu ya kioo, au simu inayoinamishwa kwa jairo, ni mwendo tofauti kabisa na wa mausi. Tumia uwanja wa mazoezi ulio ndani ya gemu yenyewe: dakika tano za kufuatilia shabaha zinazotembea ukiwa na darubini unayoitumia zaidi, tano za kudhibiti mruko wa bunduki moja. Uchunguzi wa mapambano 20, kuchanganya mazoezi, na kufunga baada ya raundi tatu zinazoshuka vinafanya kazi kwenye simu vilevile. Gumba likianza kuuma chini kwenye kiungo chake, soma tena jibu la kifundo cha mkono hapo juu, kwa sababu simu inalichosha gumba haraka kuliko mausi.